Maulizo ya kutazamia ku defanse: namna ya kuyatayarisha pamoja na majibu mafupi

Kila mwaka kipindi ya defanse ikifika hapa Goma, wadogo banakuya na diapo zao banasema "yaya, niangalilie kama iko muzuri", na kweli mara mingi iko muzuri, rangi iko, shema iko, lakini nikiuliza "sasa prezida wa juri akikuuliza hii namba ulitoa wapi?" kimya inaingia. Njo maana nimeandika hii ukurasa, nimeweka fasi moja maulizo yenye banarudiliaka kuniuliza juu ya ile karatasi ya maulizo ya kutazamia, yenye inatembea pamoja na diapo.

Ili tusiongee mu hewa nitatumia mufano moja tu mwanzo mpaka mwisho. Ni proje ya dada moja tulitayarisha naye: kukamata maji ya mvua ku paa la shule moja ya hapa mjini, shule ya wanafunzi 400. Munajua Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, maji ya mvua inazama, mito haiko, watoto banabeba mabido kutoka ziwani, kwa hiyo proje ilikuwa na maana yake. Diapo yake ya 6 ilikuwa na hesabu yote, na karibu maulizo yote itatoka pale.

Hii karatasi ni nini kabisa? Si njo nota za diapo?

Hapana. Nota za diapo ni yenye utasema wewe. Karatasi ya maulizo ni yenye wengine batasema, na wewe utajibu nini mu sekonde 20. Nota inafuata mupango yako, karatasi inafuata mashaka ya lektere. Ukichanganya hizo mbili utajikuta juri inauliza kitu na wewe unarudilia kusoma diapo yako tena, na hapo banakasirika juu diapo bameshaiona.

Maulizo yenyewe nitaitoa wapi? Siwezi kuingia mu kichwa ya profesere.

Haina lazima uingie mu kichwa yake, ingia mu diapo yako. Chukua kalamu nyekundu, chapisha diapo ku karatasi, halafu uzungushe vitu tatu: kila namba, kila neno yenye ulichagua wakati kulikuwa lingine, na kila kitu yenye mutu wa hapa angetazamia kuiona na haiko.

Diapo ya 6 ya dada ilikuwa hivi: paa m² 300, mvua mm 1200 kwa mwaka, koefisienti 0,8 ya mvua yenye inafika kweli ku tanki, maji ya kukamata m³ 288 kwa mwaka. Chini yake: wanafunzi 400, litri 3 kwa siku kwa kila mwanafunzi, siku 200 za masomo, mahitaji m³ 240. Na mwisho: tanki m³ 30.

Tulihesabu: namba tisa. Basi maulizo tisa iko tayari na bado hatujafikiri kitu. Paa m² 300, umepima na mita ao umeona ku picha ya satelite, na je ulipima mabati yenyewe yenye imeinama ao kivuli yake chini? (Jibu ni kivuli chini, juu mvua inaanguka wima, na kama ulipima mabati yenye imeinama umejipea maji yenye haiko.) Mvua 1200, ni ya stasio gani na ya miaka ngapi? Koefisienti 0,8, kwa nini si 0,9? Na kuendelea vile mpaka ku 30.

Kisha maneno. Aliandika "maji ya kunywa". Kulikuwa neno lingine, "maji ya usafi". Kwa kuchagua "kunywa" alifungua mulango ya maulizo yote ya ubora wa maji. Siyo mubaya kuifungua, lakini ujue umeifungua.

Kisha yenye haiko. Hapa njo pa hatari zaidi, na ntarudia pale mbele: Nyiragongo haikuwa ku diapo hata moja.

Mvua, tanki, hesabu… ni maulizo gani kabisa yenye inaangusha mutu?

Maulizo ya "ulitoa wapi" inatisha lakini ni nyepesi, ukishaandika fasi yake imekwisha. Yenye inaangusha ni ile yenye inachukua namba zako mbili na kuzigonganisha.

Angalia tena. Maji m³ 288, mahitaji m³ 240, dada anasema "inatosha na inabakia 48". Sawa. Lakini tanki ni ya m³ 30 tu. Mutu mwenye anajua kazi atauliza hivi: "Mwezi ya saba na ya nane watoto bako mu vakanse, mvua ikinyesha hata kidogo na tanki imejaa, maji inaenda wapi? Na mwezi ya nne yenye mvua ni mingi, unaiweka wapi?" Yaani hiyo 288 haiwezi kutumika yote, sehemu inamwangika. Kujumulisha mwaka muzima inaficha kumwangika.

Ulizo hii tuliipata siku tano mbele ya defanse, na ilimulazimisha kufanya kitu yenye alipashwa kufanya tangu mwanzo: hesabu ya mwezi kwa mwezi. Ni nyepesi, unachukua maji yenye ilibakia mu tanki, unaongeza yenye imeingia, unatosha yenye imetumika, kama inapita 30 unaandika 30 na yenye imepita ni ya kumwangika. Mufano, mwezi yenye inanyesha mm 150: 300 × 0,15 × 0,8 inatoa m³ 36. Siku 22 za masomo mara m³ 1,2 ni 26,4. Basi imeingia kupita yenye imetumika, inazidi 9,6, na kama tanki ilikuwa imejaa hiyo 9,6 yote inamwangika. Mwezi kavu yenye inanyesha mm 40 tu: inaingia 9,6, inatumika 26,4, tanki inapoteza 16,8, kama ilianza imejaa inabakia 13,2. Na hata mvua ikikosa kabisa mwezi muzima, 30 kutosha 26,4, inabakia 3,6. Unaona? Sasa m³ 30 iko na sababu, na jibu fupi likajiandika lenyewe:

"Jumla ya mwaka haionyeshe kumwangika, ni kweli. Njo maana tanki nilipima na mwezi yenye iko kavu zaidi watoto bakiwa ku masomo: ikiwa imejaa inabeba siku 25 bila mvua hata tone. Hesabu ya mwezi kwa mwezi iko ku diapo ya 21."

Sekonde 20, na profesere akitaka zaidi diapo ya 21 iko inangoja.

Kwa hiyo ulizo ya kutazamia inaweza kubadilisha kazi yenyewe?

Ndiyo, na ni sababu ya kuanza wiki mbili mbele, isiwe usiku wa kuamkia defanse. Wiki mbili bado unaweza kurudilia hesabu, kwenda kupima tena, kuuliza direktere wako. Usiku wa mwisho unaweza tu kutafuta namna ya kujificha, na juri inaonaka mutu mwenye anajificha.

Jibu fupi ni fupi namna gani? Mimi nikijibu kwa kifupi banafikiri sijui.

Hapana dada, hapana kaka, ni kinyume. Mwenye hajui njo anaongea mingi. Mimi mwenyewe ku defanse yangu baliniuliza koefisienti nimeitoa wapi, nikaanza kueleza mvua inaangukaka namna gani, mabati inapata joto, sehemu inakauka, upepo, dakika tatu hivi, mpaka prezida akanikata: "Ulizo ilikuwa wapi." Nilikuwa najua jibu, iko mu kitabu ya kozi, lakini ilikuwa chini ya maneno mingi na haikutoka. Hiyo siku inaniuma mpaka leo na ni juu yake ninasumbua wadogo na sekonde.

Jibu iko na vipande tatu na inafuatana vile. Kwanza jibu lenyewe, mu sentensi ya kwanza, na neno ya ulizo ndani. Pili sababu moja, ya nguvu zaidi, si tatu. Tatu fasi ya ushahidi: diapo namba fulani ao ukurasa fulani wa memwari. Basi unanyamaza. Kunyamaza ni sehemu ya jibu, juu inaachia profesere nafasi aseme "sawa" ao achimbe zaidi.

Angalia litri 3. Ulizo: "Litri 3 kwa mwanafunzi ni kidogo sana, na vyoo?"

Jibu mubaya, lenye aliandika mara ya kwanza: "Maji ni kitu ya maana sana ku maisha ya mwanafunzi, na kuna vipimo mbalimbali mu dunia, kwa upande wetu tuliona kama kulingana na hali ya shule…" Sekonde 15 imepita na hakuna namba.

Lenye tulibakisha: "Litri 3 ni ya kunywa na kunawa mikono tu, ni kipimo ya Sphere, mwongozo wa mashirika ya misaada, kwa shule. Vyoo haiko ndani, nimeandika vile ku ukurasa 34." Imekwisha. Hakujitetea, hakuomba samahani, alichora mupaka wa kazi yake.

Kupima: weka simu, soma kwa sauti. Ikipita sekonde 30, kata. Mara mingi yenye inapashwa kukatwa ni sentensi ya kwanza, ile ya kupasha moto.

Na ulizo yenye naogopa kabisa? Ile yenye naomba Mungu wasiulize?

Hiyo njo uandike ya kwanza. Kwa dada ilikuwa volkano.

Munajua moshi ya Nyiragongo na Nyamulagira iko na gazi, na ndani yake iko fluoru. Mvua ikipita mu ile moshi inaishusha, na maji ya mvua ya upande wenye upepo inapeleka moshi inaweza kuwa na fluoru kupita kipimo. OMS inasema isipite mg 1,5 kwa litri mu maji ya kunywa. Ikipita muda murefu, meno ya watoto inapata madoadoa, ikizidi sana inagusa mpaka mifupa. Na kubaya zaidi, kuchemsha haitoshe fluoru, na klori pia haiitoshe. Mutu wa hapa mwenye anakaa mu juri anajua hii tangu utoto. Na dada alikuwa ameandika "maji ya kunywa" bila kupima fluoru.

Alitaka kuacha tu, akasema labda hawatauliza. Nikamwambia bataulizaka, kama si profesere ni lektere, na hata wasipouliza kuna watoto 400 banakunywa. Basi akaenda kwa direktere wake, bakapatana: kichwa ya diapo ibadilike kuwa "maji ya kunawa mikono, na ya kunywa baada ya kupima fluoru", na jibu likawa hivi:

"Fluoru sikuipima, ni mupaka wa hii kazi. Mvua ya hapa inaweza kuibeba kutoka ku moshi ya volkano, kwa hiyo maji isinywewe mpaka sampuli ipimwe: ikipita mg 1,5 kwa litri, tanki inabakia ya kunawa tu. Iko ku diapo ya 22."

Fanya attention na namna ile jibu imejengwa. Neno "sikuipima" iko ya kwanza. Hakusema "muda haukutosha" ao "maabara iko mbali", hata kama ni kweli, juu ukianza na sababu unaonekana mutu wa kujitetea. Kisha anaonyesha anajua hatari ni gani, kisha anasema itaamuliwa namna gani, na namba ya kuamulia iko pale. Profesere hawezi kukugonga juu ya kitu yenye umeshaweka mezani wewe mwenyewe. Anaweza kukutosha point, sawa, lakini hatakuvunja mbele ya wazazi.

Maulizo ngapi inatosha?

15 mpaka 20. Nimeona mutu na 60, hakukumbuka hata moja. Andika zote mwanzo, hata 40, kisha unganisha zenye ziko na jibu moja (mvua ya wapi, ya miaka ngapi, kwa nini hii stasio, ni ulizo moja), na utupe zenye jibu lake iko ku diapo wazi kabisa.

Namna gani ya kuipanga ku karatasi?

Kufuata namba ya diapo, siyo kufuata mada. Juu profesere anasemaka "rudi ku diapo ya 6", hasemi "nina ulizo ya hidroloji". Karatasi moja, mbele na nyuma, safu tatu: namba ya diapo, ulizo kwa maneno matano ao sita, jibu. Na ku jibu usiandike sentensi zote, ukiziandika utasoma, na kusoma mbele ya juri ni mubaya. Andika paka neno za kukukumbusha. Mistari tatu ya dada:

```
6 | 3 L kidogo? vyoo? | kunywa+kunawa, Sphere, vyoo nje -> uk. 34
6 | 288 inamwangika?  | ndiyo; mwezi kavu, siku 25 -> d. 21
6 | mvua ikipunguka?  | -20% = -9,6 m3 = siku 8 -> d. 23
```

Hiyo mustari ya tatu niongeze neno juu yake maana kila kazi yenye iko na hesabu inaulizwaka vile: "na kama namba yako haiko vile?" Chukua namba yenye hauna uhakika nayo zaidi, ipunguze na 20 kwa 100, urudilie hesabu. Hapa 288 inakuwa 230,4, mahitaji ni 240, inakosa 9,6, ukigawa na 1,2 ni siku 8 za masomo mu mwaka muzima. Kusema "siku 8" ni tofauti kabisa na kusema "itapunguka kidogo". Siku 8 mukubwa wa shule anaweza kuzipanga.

Diapo za akiba ni nini na naziweka wapi?

Ni diapo zenye hauonyeshi mu dakika zako 15, zinangoja ulizo. Ziko nyuma ya diapo ya "asante". Dada alikuwa na diapo 20 za kuonyesha na 4 za akiba: ya 21 mwezi kwa mwezi, ya 22 fluoru, ya 23 mvua ikipunguka, ya 24 bei ya vifaa. Nne ao tano inatosha, na kila moja ijibu ulizo moja tu, na kichwa yake iwe jibu lenyewe, mufano "Tanki imejaa inabeba siku 25", siyo "Hesabu".

Mu PowerPoint, bonyeza diapo na kulume, chagua `Masquer la diapositive`, haitatokea ukiwa unaendelea kawaida. Wakati wa maulizo andika namba yake ku klavie halafu `Enter`, mufano 21 kisha `Enter`, inaruka pale moja kwa moja hata kama imefichwa. Hakuna kurudi nyuma diapo moja moja mbele ya watu, ile kitu inakula dakika na inachosha macho. Ukimaliza, andika 6 na `Enter`, umerudi ku diapo yenye ilileta ulizo.

Kitu moja inasumbuaka: diapo yenye imefichwa inahesabiwa pia mu namba. Ukiificha katikati, juri itaona 7 kisha 9 na batauliza ya 8 iko wapi. Njo maana zote mwisho. Na namba zionekane ku kila diapo, `Insertion` kisha `Numéro de diapositive`, bila hiyo profesere atasema "ile diapo yenye kulikuwa mabati" na munatafuta pamoja.

Niandike karatasi mu Kiswahili ao mu Kifaransa?

Fikiri ulizo mu Kiswahili, andika jibu mu luga yenye utaitumia kujibu. Hapa kwetu defanse mingi iko mu Kifaransa, basi zile neno za kukumbusha ziwe Kifaransa, usijipe kazi ya kutafsiri ukiwa unatetemeka. Lakini mwanzo, ukiwa unatafuta maulizo, uliza mu Kiswahili ya nyumbani. Mama yake dada, hajasoma hidroloji, alimuuliza "sasa ile majivu ya volkano yenye inakaa ku mabati si itaingia mu tanki?" Ni ulizo ya kweli kabisa! Na jibu iko: maji ya kwanza ya kila mvua inamwangwa mbele ya kuingia, karibu nusu litri kwa kila m² ya paa, kwa m² 300 ni litri 150. Haikuwa ku karatasi, tuliiweka siku ile ile.

Nani anisaidie kujaribu?

Watu watatu tofauti: moja wa fakilte yako, atashika namba; moja wa fakilte ingine, atauliza maneno yenye haelewi; na moja wa nyumbani. Mupe kila mutu diapo zilizochapishwa, hapana karatasi ya majibu, halafu baulize bila kufuata mupango. Wewe unajibu ukisimama. Mutu wa nne, kama iko, anashika simu na anaandika sekonde.

Jibu mubaya unalijua namna gani: yule mwenye kuuliza anauliza tena kitu ile ile na maneno mengine. Hiyo maana yake sentensi ya kwanza haikujibu. Kama anauliza kitu ya mbele zaidi, basi jibu lilipita.

Juri ikiuliza maulizo mingi kwa mara moja?

Inafanyikaka sana, kila mumoja anatoa zake tatu ao nne, kisha prezida anasema "jibu sasa". Usijaribu kushika mu kichwa. Kuwa na karatasi nyeupe na kalamu, andika cheo ya mwenye kuuliza, na kwa kila ulizo neno mbili tu. Ukiona iko ku karatasi yako, weka namba ya diapo pembeni. Ikikuya mupya, weka alama ya kuuliza. Halafu anza kwa heshima, "Asante Prezida, asante kwa memba wote wa juri", mara moja tu, siyo ku kila jibu, na fuata mupango wao: za lektere wa kwanza zote, kisha za wa pili. Kama mbili zinafanana sema "ulizo hii inakutana na ya Profesere, ninazijibu pamoja", hapo unapata dakika.

Na ulizo yenye haiko ku karatasi na siijui kabisa?

Tofautisha: sikupima, ao sielewi ulizo, ao sijui. Sikupima, fanya kama fluoru. Sielewi, rudilia ulizo kwa maneno yako, "Profesere, unataka kujua kama tanki inaweza kubeba hata mwezi mbili?", atasema ndiyo ao atasahihisha. Sijui, sema sijui, ongeza ungeitafuta namna gani kama uko na wazo ya kweli, kama hauna wacha pale. Kutunga namba mbele ya juri ni kitu yenye sitakusaidia kufanya, wako na vitabu na wako na kumbukumbu.

Wakisema tu "kuna makosa ya kuandika ukurasa 12"?

Si ulizo. "Asante, nitasahihisha." Na unaendelea.

Umeme ukikatika katikati ya maulizo?

Mu mji yetu hii si "kama". Chapisha diapo za akiba zote nne, nakala moja kwa kila memba wa juri, weka mu bahasha mbali na karatasi yako ya maulizo, juu hiyo ni yako peke yako. Siku ya dada projektere ilizimika kweli, lektere alikuwa ameuliza juu ya kumwangika kwa maji, akafungua bahasha, akapeana diapo ya 21, akasema jibu lake la sekonde 20 mu giza giza ile ya sale. Profesere akasoma mustari ya mwezi ya sita na kidole, akauliza "kwa hiyo mvua ikikosa kabisa inabakia 3,6?" Akajibu "Ndiyo, 3,6, siku 3." Bakapita ku ulizo ingine.